Bangili, akaunti au debe: pesa ya korosho inayobaki iwekwe wapi?

Mjomba wangu wa Kitangari, wilaya ya Newala, alimaliza msimu na shilingi milioni 12 mkononi baada ya kulipa madeni yote. Mkaza mjomba, ambaye kwao ni Mikindani, alitaka sehemu ya pesa hiyo inunue bangili. Mjomba alitaka yote iingie benki. Niliitwa mimi kwa sababu nilikaa kaunta ya duka la sonara pale Mtwara mjini kwa miaka sita, nikipima dhahabu za watu wanaonunua na, zaidi, za watu wanaouza.

"Pesa ya benki siioni," alisema mkaza mjomba. "Bangili naiona, naishika, na usiku wa manane nikipatwa na jambo najua ninacho."

"Bangili haizai," mjomba akajibu. "Ukiiweka moja, baada ya miaka kumi unaikuta moja."

Wote wawili wana haki, na ndiyo maana jibu halipatikani kwa kusema dhahabu ni nzuri au ni mbaya. Kinacholinganishwa ni mahali pa kuiweka pesa: kwenye debe chumbani, kwenye dhahabu, au kwenye akaunti ya muda maalumu. Kila mahali pana hatari yake na bei yake.

Debe tulimaliza nalo haraka. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliwapa wananchi nafasi ya kubadilisha noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na ile noti ya 500 ya mwaka 2010. Baada ya siku hiyo noti hizo si pesa tena. Vijijini wapo waliofukua mabunda muda ukiwa umepita. Hata noti ikibaki halali, mfumuko wa bei unaila taratibu, kama mchwa kwenye mwimo wa mlango. Debe ni la pesa ya wiki mbili, basi.

Dhahabu inakinga nini

Dhahabu haina uhusiano na bei ya korosho, wala na afya ya benki yako, wala na karatasi ya serikali. Bei yake hupangwa kwenye masoko ya dunia kwa dola kwa wakia, na wakia moja ni gramu 31.1. Kwa hiyo mtu wa Newala mwenye bangili ameshika kitu chenye sehemu mbili: bei ya dhahabu kwa dola, na bei ya dola kwa shilingi. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika, na kwa Mtanzania ndiyo kinga yenyewe.

Tazama miaka ya mbali kidogo. Januari 1980 dhahabu ilifika dola 850 kwa wakia, na dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Gramu ya dhahabu safi, kwa hesabu hiyo, ilikuwa karibu shilingi 220. Katikati ya mwaka 1999 dhahabu ilikuwa imeanguka hadi kama dola 255. Mmarekani aliyenunua kileleni alikuwa amepoteza zaidi ya theluthi mbili ya pesa yake. Lakini dola ilikuwa imepita shilingi 700, kwa hiyo gramu ileile ilikuwa karibu shilingi 6,000. Kwa shilingi ilikuwa imepanda kama mara 27 katika wakati mbaya kabisa wa dhahabu duniani.

Msishangilie bado. Katika miaka hiyo mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa karibu asilimia 30 kwa mwaka kwa muda mrefu, na bei za unga, khanga na mabati zilipanda zaidi ya hizo mara 27. Mwenye dhahabu alipungukiwa, ila alibaki na kitu. Mwenye noti kwenye debe alibaki na karatasi za kufungia karanga. Hivyo ndivyo dhahabu inavyokinga: shilingi inapoporomoka kwa miaka, inakuachia sehemu kubwa ya thamani yako. Haikuahidi faida.

Inakinga pia dhidi ya taasisi kufa. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki ndogo tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji. Wakati huo bima ya amana ililipa mwenye akaunti hadi shilingi milioni 1.5 tu, na kilichozidi kilisubiri mali za benki ziuzwe. Tangu 2023 kiwango hicho ni milioni 7.5 kwa mteja katika kila benki, na kwa mkulima mwenye milioni sita hofu hii imepungua sana. Nilimwambia mkaza mjomba hivyo, naye akauliza swali zuri: je, nikiwa na milioni kumi? Basi zigawe benki mbili.

Kinachobaki nje ya kinga hiyo ni mambo ya karibu. Dhahabu haikukingi na bei ya mahindi Machi ijayo, wala ada ya Januari, kwa sababu huwezi kujua siku ya kuuza utakuta bei gani. Septemba 2011 ilifika karibu dola 1,900. Desemba 2015 ilikuwa kama dola 1,050. Kwa dola hilo ni anguko la asilimia 45. Kwa shilingi lilikuwa dogo kidogo, maana dola ilitoka kama 1,600 hadi kama 2,150: gramu safi ilishuka kutoka karibu 98,000 hadi kama 73,000. Robo ya thamani ilikwenda, na ndani ya miaka hiyo minne vitu vingine vyote sokoni vilipanda. Waliouza 2015 kwa sababu ya ugonjwa au mazishi niliwaona kwenye kaunta. Wengi walidhani tunawaibia.

Hesabu ya kaunta

Sasa gharama, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na wale wawili, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Tuchukue bei ya mfano: gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000. Si mbali na hali ya Oktoba 2025, dhahabu ilipovuka dola 4,000. Ukitaka kupata bei ya siku yako mwenyewe, hesabu ni hii:

```
bei ya wakia kwa dola × shilingi kwa dola ÷ 31.1 × karati ÷ 24
```

Bangili ya gramu 10 ya karati 22, yaani yenye muhuri wa 916, ina dhahabu safi gramu 9.16. Thamani ya madini yake ni shilingi 2,748,000. Hutaipata kwa bei hiyo. Unalipa ufundi, unalipa kodi ya fremu ya duka na faida ya mwenye duka. Tuseme unaondoka umelipa 3,200,000. Kadiri pambo lilivyo na nakshi na vijiwe ndivyo sehemu ya ufundi inavyokuwa kubwa.

Siku ya kurudi kuuza, ufundi hauna thamani hata senti moja. Sonara ataiyeyusha. Vijiwe vinang'olewa kabla ya kupima. Sehemu zilizoungwa kwa lehemu zina karati ya chini, kwa hiyo anazikatia. Anakata tena hasara ya kuyeyusha na faida yake. Kwenye mfano huu tuseme anakupa asilimia 91 ya thamani ya madini: 2,500,000. Ukinunua asubuhi na kuuza jioni umeshapoteza 700,000, na bei haijatikisika. Kila duka lina namba zake, na Mtwara maduka ni machache kuliko Kariakoo, kwa hiyo muulize muuzaji maswali mawili kabla hujatoa pesa: ufundi ni shilingi ngapi, na hii hii nikiirudisha leo utanipa ngapi? Asiyejibu swali la pili amekujibu.

Upande wa pili weka 3,200,000 hiyohiyo kwenye akaunti ya muda maalumu kwa riba ya asilimia 8, nayo ni ya mfano. Benki hutofautiana na mwenye pesa nyingi hupata zaidi. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inakatwa kwenye riba, unabaki na asilimia 7.2. Ukiiacha na riba yake miaka mitatu inakuwa kama 3,940,000.

Ili bangili ikupe pesa hiyo mkononi baada ya miaka mitatu, gramu ya dhahabu safi lazima ipande kutoka 300,000 hadi karibu 473,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 16 kila mwaka. Imewahi kutokea, na waliobahatika wanasimulia kila msibani, lakini si jambo la kupangia ada ya mtoto. Ukikaa miaka kumi mambo yanalainika, kwa sababu ile 700,000 umeilipa mara moja tu na sasa imegawanyika miaka mingi: hapo dhahabu inatakiwa ipande kama asilimia 10 kwa mwaka kufikia akaunti. Aliyenunua mwishoni mwa 2015 amepata zaidi ya hiyo. Aliyenunua Septemba 2011 amepata kama 8 kwa mwaka kufikia Oktoba 2025, kabla ya kukata ufundi. Mtaa uleule, duka lilelile, ila mmoja aliingia mapema.

Mjomba alifurahi sana kusikia hayo. Nikamkumbusha kwamba asilimia 7.2 ni nzuri mfumuko ukiwa kama 3, kama miaka hii, na ni hasara tupu mfumuko ukirudi kuwa 30. Akaunti inashinda katika nchi tulivu. Dhahabu ni ya siku ambayo utulivu umeondoka.

Kipande kitupu, yaani dhahabu isiyo pambo, cha karati 24 kina ufundi mdogo kuliko bangili na kwa kuhifadhi thamani ndicho bora. Shida yake ni kwamba huku kwetu si rahisi kukipata wala kukiuza kwa haraka, na kisicho na muhuri na stakabadhi kitatiliwa shaka. Usije ukashawishika na dhahabu ghafi ya kijana anayekwambia ametoka machimboni Ruangwa. Kisheria dhahabu ghafi huuzwa kwa wenye leseni, kwenye masoko ya madini yaliyoanza mwaka 2019. Mkulima anayekutwa nayo mfukoni ana kesi, na mara nyingi ana shaba.

Gharama za kukaa nayo

Kuna mlango, kuna kufuli, kuna ndugu wanaojua ulipoificha. Hakuna anayelipa bima ya bangili Kitangari, kwa hiyo wizi mmoja ni hasara ya asilimia mia. Akaunti haina hatari hiyo ila ina yake: ukivunja mkataba kabla ya muda unapoteza riba, yote au sehemu.

Kwa Waislamu kuna zaka. Dhahabu iliyowekwa kama akiba ikifika uzito wa gramu 85 za dhahabu safi na kupitiwa na mwaka wa Kiislamu, inatolewa asilimia 2.5. Pambo la kuvaliwa kwa kawaida, katika madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo ya pwani yetu, limesamehewa. Kipande kilichofungiwa sandukuni hakikusamehewa. Na asiyetaka riba asilazimishwe kuchagua kati ya bangili na debe: zipo benki zenye huduma za Kiislamu zinazopokea amana kwa mudharaba, ambapo unagawana faida badala ya kulipwa riba.

Jambo jingine ni uhakika wa karati. Muhuri wa 916 mtu anaweza kuugonga kwenye chochote. Kwa kitu kizito kisicho na uwazi ndani, maji yanasema ukweli: pima bangili kwenye mizani ya vito, kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, uitumbukize bangili ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala pembeni. Bangili ya gramu 10 ya karati 22 itasoma kati ya gramu 0.55 na 0.58. Ya shaba nyeupe au ya njano iliyochovywa itasoma zaidi ya gramu 1. Bangili zenye uwazi ndani huvuruga kipimo hiki, na hizo ni nyingi sokoni.

Sehemu gani ya akiba

Watu hutaja moja ya kumi kana kwamba imeteremshwa. Mimi hupenda kuifikia kwa hesabu ya hofu. Chukua anguko kubwa linaloweza kutokea. Kwa dola 2011 hadi 2015 lilikuwa asilimia 45. Ukiwa na moja ya kumi ya akiba kwenye dhahabu, anguko hilo linakugharimu asilimia 4.5 ya akiba yote. Sehemu tisa zilizobaki, kwa ile asilimia 7.2, zinakuletea kama asilimia 6.5 kwa mwaka. Mwaka mmoja wa akaunti unaziba shimo la dhahabu na chenji inabaki. Ukipita kama asilimia 14 mwaka mmoja hautoshi tena. Ukiwa na nusu, anguko linachukua zaidi ya asilimia 22, na nusu iliyobaki inahitaji miaka mingi kulizibia.

Akiba hapa ni ile isiyoguswa kwa miaka mitano au zaidi. Kwa mjomba tulitoa kwanza salfa na dawa nyingine, vibarua wa palizi, ada na chakula mpaka Oktoba. Ilikwenda milioni sita. Na hiyo isifungwe muda mrefu; ikae kwenye akaunti ya kawaida, au kwenye vipande vya mfuko wa pamoja unaorudisha pesa ndani ya siku chache za kazi. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wengi walisubiri malipo kwa miezi. Aliyekuwa na pesa ya karibu aliitumia hiyo. Aliyekuwa na bangili pekee aliiuza kwa bei ya mwenye njaa.

Zikabaki milioni sita za kukaa. Moja ya kumi ni 600,000, yaani kama gramu mbili. Hiyo ni pete nyembamba. Kwenye kitu kidogo namna hiyo ufundi unakula sehemu kubwa zaidi, kwa hiyo kwa mjomba dhahabu haikuwa na maana mwaka huu. Akitaka, akusanye sehemu hiyo akauntini misimu minne au mitano, kisha anunue kitu kizito kisicho na nakshi kwa mara moja.

Mjomba akaona ameshinda, akaongeza: "Tena humu ndani tayari kuna bangili mbili. Hizo peke yake zimezidi moja ya kumi."

"Humu ndani zimo," mkaza mjomba akasema, "lakini si zako."

Alisema kweli. Moja ni mahari yake, nyingine aliachiwa na mama yake, na zote mbili ni mali yake peke yake. Familia zikipiga hesabu ya akiba huwa zinazijumlisha dhahabu za mke kwenye mizani ya mume, na siku ya talaka au ya mirathi hesabu inavunjika. Kila mwenye mali apige hesabu yake. Kwa hesabu hiyo mambo yaligeuka: mjomba hana dhahabu na hahitaji kwa sasa, ilhali mkewe ana kama milioni tano za dhahabu kwa bei ya kuuza na hana shilingi benki. Yeye si moja ya kumi, ni kumi ya kumi. Kwake bangili ya tatu ingeongeza hatari ileile aliyokwisha kuwa nayo.

Sikumwambia auze. Kuuza kungemtoza makato ya sonara kwa faida ya kupendeza hesabu tu, na bangili ya mama haina bei. Nilimwambia pesa yake ya biashara ya samaki, badala ya kuisubirisha ifike bangili, iingie akauntini kwa jina lake mpaka ilingane na hizo mbili, ndipo afikirie nyingine. Huko Kilwa ya kale, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala, sarafu zilizofukuliwa kwa wingi ni za shaba. Za dhahabu za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman zinazojulikana ni chache mno. Nadhani na wao walijua kipi cha kuweka na kipi cha kwenda nacho sokoni.

Aliuliza kama ninaweza kuzipima kwa kuwa nilikuja na mizani. Miaka yote alijua kila moja ni gramu 10. Moja ilisoma 9.81 na ya mama yake 9.64, zimelika kwa kusuguana mkononi. Akaandika namba zote mbili na tarehe kwenye karatasi, akaikunja ndani ya stakabadhi ya zamani, akazivaa tena. Safari hii moja kila mkono.